Mshahara wako, kadi yake

Nianze na kitu ambacho najua kuna watu watanipinga: kwenye ndoa mtu mmoja kushika hela zote sio shida yenyewe. Kwangu mimi mume wangu ndo analipa kila kitu, kodi, ada, umeme, yeye ndo anakumbuka tarehe, mimi kazi yangu ni mahesabu kutwa nzima kwa hiyo nikirudi nyumbani sitaki hata kuona namba. Lakini nikimuuliza leo usiku "Baba watoto, tuna kiasi gani?" ananitajia, kama hakumbuki anafungua simu ananionyesha, yanaisha, tunaendelea na yetu. Ukiangalia kwa nje nyumba yangu na nyumba ya mdogo wangu zilikuwa zinafanana kabisa, wote wawili mshahara unaingia mahali ambapo mume ndo anautoa. Ila mdogo wangu akiuliza swali hilohilo alikuwa hapewi namba, alikuwa anapewa swali lingine.

"Kwani unakosa nini?" "Kuna siku mmelala njaa?" "Unataka kwenda wapi?" Na ile kubwa kuliko zote, "Kwa hiyo mimi mwizi?" Zisikilize vizuri hizo, hakuna hata moja yenye namba ndani yake. Na baada ya hapo kunakuwa na gharama, kimya cha wiki nzima, hela ya matumizi inachelewa, au anaipunguza halafu anasema mwezi huu mambo magumu. Mimi kama nitaulizwa dalili moja tu ya kuangalia ni hii: kuuliza kuna bei? Mahali ambapo kuuliza hela kuna bei, mtu anajifunza kutouliza, na akishaacha kuuliza kwa nje inaonekana nyumba imetulia.

Dalili ya pili ni uwajibikaji wa upande mmoja. Mdogo wangu alikuwa anatembea na bunda la risiti kwenye mkoba, limefungwa na mpira, zimepangwa kwa tarehe, na vile vitu ambavyo havina risiti alikuwa anaandika kwenye vikaratasi anaviweka humohumo kwenye mpangilio. Siku nilipoliona nilicheka nikamwambia hata wazabuni wetu ofisini hawana mpangilio kama huo. Hakucheka. Kila mwisho wa mwezi analifungua mezani anaeleza moja moja ndo apewe ya mwezi unaofuata. Sasa shemeji yeye mbona hakuwahi kueleza hata kitu kimoja? Kama mnabana matumizi mnabana wote, kama mnaandika mnaandika wote, hapo mko kwenye bajeti. Mmoja akiwa anaeleza na mwingine anasikiliza tu, hapo kuna bosi na karani.

Na hivi vitu haviji siku moja jamani. Kwa mdogo wangu vilianza kwenye likizo ya uzazi ya mtoto wa pili, hawezi kutoka, kadi yake ya benki ikahamia kwenye pochi ya mume ili awe anamtolea hela, kitu cha kawaida kabisa mtu yeyote angefanya. Likizo ikaisha kadi haikurudi. Baadae ikafunguliwa akaunti ya pamoja, eti kurahisisha, mshahara wake ukaelekezwa huko, apu ya hiyo akaunti iko kwenye simu ya mume na kadi ni hiyohiyo moja. Vitambulisho na vyeti vikaingia kwenye kabati lenye funguo, kwa usalama. Kila hatua ukiichukua peke yake ina sababu yake nzuri, ndo maana ni ngumu kusema ilianza lini. Mimi siku hizi siangalii sababu ya hatua, naangalia kama ile sababu ilipoisha na ile hatua iliisha. Likizo ya uzazi imeisha, kadi iko wapi?

Watafiti wana namna yao ya kulipanga hili. Mwaka 2008 Adrienne Adams na wenzake wa Marekani walichapisha kipimo cha unyanyasaji wa kiuchumi na vitendo vikagawanyika makundi mawili, kudhibiti na kunyonya. Kudhibiti ndo hayo ya risiti na kadi. Kunyonya ni pale hela yako inatumika, vitu vyako vinauzwa, au mikopo inachukuliwa kwa jina lako. Wengi tunaliona la kwanza, la pili linakuja kuonekana miaka mingi baadae ukienda kuomba mkopo unaambiwa wewe tayari unadaiwa. Na kabla hujaandika kwenye maoni kwamba wanaume nao wanafanyiwa, ndio, wanafanyiwa, kila nitakachosema hapa kinawahusu pia, nasema kwa upande niliouona.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Watu wengi ushauri wao wa kwanza ni "fungua akaunti ya siri". Mimi nasema subiri. Kwanza taarifa, halafu mahali pa kuweka, halafu ndo hela. Ukianza na hela bila hivyo viwili utakamatwa, na ukikamatwa mapema unakuwa umepoteza hela na umempa mwenzio sababu ya kubana zaidi.

Taarifa maana yake ni kujua unachomiliki na unachodaiwa. Mdogo wangu alianza na slipu zake za mshahara, ofisini kwao wanapewa za karatasi, akawa anaziacha kwenye droo ya kazini. Kwenye slipu kulikuwa na makato ya mkopo ambao yeye anaujua, alisaini mwenyewe miaka ile, alikuwa anahesabu unakaribia kuisha. Nikamwambia usihesabu kichwani, omba taarifa zako za mikopo. Nchi nyingi zina kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo na una haki ya kuona za kwako, mara nyingi bure au kwa ada ndogo. Alipozipata akakuta ule mkopo ulishaongezwa kupitia apu, namba ya siri si anayo mwenzake, bado una karibu miaka miwili mbele. Hela iliyoongezwa hajui ilienda wapi mpaka leo. Kwa hiyo hata kama huna mpango wowote wa kuondoka wala kugombana, hili moja lifanye. Na hapohapo angalia ni laini ngapi za simu zimesajiliwa kwa kitambulisho chako maana siku hizi laini ni mkopo tayari, mwenye laini ya jina lako na namba ya siri anaweza kukopa usiku huu ukiwa umelala.

Nyaraka zipige picha, kitambulisho, vyeti vya watoto, cheti cha ndoa, mkataba wa kazi, mikataba ya mikopo, hati za mali yoyote yenye jina lako au lenu. Lakini hapa kuna mtego ambao watu hawaufikirii: simu nyingi zinapandisha picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kama mnatumia akaunti moja ya familia, picha ya cheti cha ndoa uliyopiga jikoni inatokea kwenye simu ya mwenzio sebuleni kabla hujarudisha cheti kabatini. Tumia simu ya mtu unayemwamini, au toa nakala ofisini. Mdogo wangu alitumia simu yangu, picha zikakaa kwangu.

Imeili nayo vilevile. Ukifungua mpya halafu kwenye sehemu ya kurudisha nywila ukaweka namba yake au ile imeili yenu ya zamani, umemkabidhi ufunguo. Angalia kwenye mipangilio ya simu yako ni alama za vidole za nani zimesajiliwa, wengi wanakuta kidole cha mwenzao kimo na walishasahau. Angalia pia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti zako. Ila, na hii muhimu, usianze kufuta na kubadilisha vitu kwenye simu ambayo yeye huwa anaishika, simu iliyokuwa na kila kitu ghafla ikawa safi inasema zaidi kuliko ile yenye vitu. Simu ya zamani iache iendelee na maisha yake ya zamani, mambo mapya yafanye kwenye kifaa kingine.

Mahali pa kuweka sasa. Akaunti ilifunguliwa siku mtoto alipotakiwa kusajiliwa shule na mama ikabidi awe na kitambulisho halisi, kikatoka kabatini kihalali kabisa, akapita benki kabla hajakirudisha. Alikataa kadi, akasema atakuwa anatoa dirishani kwa kitambulisho, kwa sababu kadi ni kitu, kinaonekana, kinadondoka kwenye mkoba. Akasema taarifa za akaunti zote ziende imeili mpya, hakuna barua ya kwenda nyumbani. Mtu wa karibu akaniandika mimi. Namba ya simu alitaka aweke yangu, nikakataa, na nitakwambia kwanini: namba iliyo kwenye akaunti ndo inayopokea namba za uthibitisho, ukiweka ya mtu mwingine umetoka kwenye mkono mmoja ukaingia mwingine, hata kama huo mwingine ni dada yako. Akachukua laini mpya akawa anaiweka kazini. Laini yenyewe inataka matumizi kidogo, ukiiacha miezi mingi bila kuigusa kampuni inaifunga na namba anapewa mtu mwingine, na meseji za benki yako zinaenda kwake. Kwa hiyo kila baada ya wiki kadhaa anaiwasha, anaweka salio kidogo, anapiga simu moja, anazima.

Pamoja na hayo yote bado kuna kitu kilitupita. Siku yake ya kuzaliwa simu yake ya kawaida, ile inayokaa mezani nyumbani, ikaingia meseji, heri ya siku ya kuzaliwa mteja wetu mpendwa, na jina la benki. Shemeji ndo aliyeisoma. "Tangu lini wewe mteja wao?" Kumbe ile benki alishawahi kuwa na akaunti ya wanafunzi zamani yuko chuo, na mfumo wa benki unamtambua mteja kwa kitambulisho, akaunti mpya ikaunganishwa na rekodi ya zamani yenye namba ya zamani. Akajibu, "Si ile akaunti ya chuo." Ikaishia hapo, bahati nzuri jibu lilikuwa kweli. Kesho yake akaenda kubadilisha namba kwenye rekodi kuu ya mteja, sio kwenye akaunti tu. Kwa hiyo ukichagua benki chagua ambayo hujawahi kuwa nayo, na yeye pia asiwe nayo, na kama ana ndugu au rafiki anafanya kazi hapo ipite mbali.

Sasa hela inatoka wapi. Wengi wanafikiria kubana kwenye hela ya matumizi, unapunguza kidogo hapa kidogo pale. Inawezekana kama hakuna anayekagua, ila kwa mtu wa bunda la risiti haiwezekani, na kinachobaki ni kidogo sana kwa hatari unayochukua, tena mara nyingi kinatoka kwenye sahani ya mama mwenyewe, watoto wanakula yeye anajipunja. Mimi siupendi huo mchezo. Hela nzuri ni ile ambayo haijawahi kupita kwenye macho yake: nyongeza ya mshahara, ovataimu, posho, kazi ndogo ya pembeni.

Nitaeleza kwa namba bila sarafu ili kila mtu aweke za kwake. Chukulia mshahara wa mdogo wangu ule unaoingia benki baada ya makato yote ni 100. Yote 100 inaingia akaunti ya pamoja. Yeye anarudishiwa 12 kwa matumizi ya nyumba, kwa risiti. Kisha akapata nyongeza ya 8. Kabla nyongeza haijaanza kulipwa akaenda kwa afisa utumishi akauliza kama mshahara unaweza kugawanywa akaunti mbili. Kwao mfumo unaruhusu: 100 iende kulekule, kinachozidi kiende akaunti mpya. Shemeji hakuwahi kujali slipu, yeye alikuwa anaangalia meseji ya benki, imeingia 100, basi. Kama angekuwa anakagua slipu hii njia isingefaa, hilo uliangalie kwa mtu wako kabla hujaiga.

Kuna ofisi hazigawanyi mshahara, hapo wengine wanatumia ushirika wa akiba na mikopo wa kazini, wanaomba makato yaongezwe. Sio mbaya, ila uelewe kwamba hisa kwa kawaida hazitolewi wakati bado ni mwanachama, akiba nayo inaweza kutaka notisi ya wiki au miezi, na ukimdhamini mtu mkopo akiba yako inafungwa mpaka alipe. Hela ya kuondokea usiku haiwezi kukaa huko. Hela ya mwakani inaweza.

Tukaweka malengo mawili tu. La kwanza 24, hiyo ni nauli ya yeye na watoto, siku chache za kulala mahali, chakula na simu. Sio hela ya kuanza maisha, ni hela ya kufika kesho kutwa. Miezi mitatu kwa 8 kila mwezi ikafika. Niliona tofauti hapohapo, sio kwamba alikuwa jasiri sana, ila alianza kumaliza sentensi zake. La pili jumla 110, maana tulipiga hesabu ya chumba na malipo yake ya kuanzia, chakula cha miezi miwili, na nauli za shule. Kuanzia mwezi wa nne akapata kazi ndogo ya kuandika na kusahihisha nyaraka za watu saa ya mchana ofisini, ikawa inaleta 3, kwa hiyo 11 kwa mwezi. Katikati mtoto akaugua, akaomba hela ya dawa akaambiwa subiri mwisho wa mwezi, akatoa 9. Alinipigia kwa aibu kabisa, "Dada, nimeitoboa." Nikamwambia hiyo ndo kazi yake, hela ya dharura ikitumika kwenye dharura haijatoboka. Ila hapo kukawa na shida nyingine, dawa zimetoka wapi? Akasema nimempa mimi, na kwa sababu tulishakubaliana mapema nitakuwa nimempa kila kitu ambacho hakina maelezo, nilipopigiwa simu kuulizwa nikasema ndio shemeji, nilimpa, wala usirudishe. Miezi tisa ya 11 ni 99, jumlisha 24, toa 9, ikawa 114. Mwaka mmoja. Kuna atakayesema ni polepole sana, lakini kila mwezi mezani risiti zilikuwa zinafunguliwa kama kawaida na hakuna kilichobadilika, upolepole ndo ulikuwa unamlinda.

Daftari la hizi hesabu nililishika mimi, nyumbani kwake hapakuwa na hata mstari mmoja. Tuliandika kila tarehe, kiasi, na imetoka wapi, na sio kwa sababu mimi ni mtu wa mahesabu. Mkifika mahakamani sehemu nyingi hela uliyoweka ukiwa ndani ya ndoa inahesabiwa ni ya ndoa, iwe siri isiwe siri, na ukiapa kwamba huna halafu ikaonekana unaharibu kesi yako yote kwa kitu kidogo. Kuificha kwa mume na kuificha kwa hakimu ni vitu viwili tofauti. Ukiulizwa na mahakama unataja, na daftari linaonyesha ilitoka wapi na ilitumika kwa nini.

Na nikiulizwa kama kuficha sio usaliti, jibu langu liko kule mwanzo. Kama ukiuliza unapewa namba, usifiche, kaeni muongee, gawaneni majukumu, kila mtu awe na chake cha kutumia bila kuulizwa. Kuficha ni kwa yule ambaye kuuliza kwake kuna bei. Na kama bei yenyewe ni kipigo, au vitisho, au anakufuatilia kwa lokesheni ya simu, usifanye haya kwa kusoma blogu yangu peke yako. Tafuta watu wanaosaidia waathirika wa ukatili, ukitumia simu ambayo yeye haishiki, mpange nao, kwa sababu wakati wa kuondoka na wakati mpango unapogundulika ndo wakati hatari kuliko miaka yote ya nyuma. Hapo akiba inakuja baada ya usalama.

Mshahara wenyewe sasa. Mdogo wangu wakati huo hakutaka kuondoka, alitaka mshahara wake urudi mkononi kwake, na alijua akiomba atakataliwa, aliomba mara nyingi kabla ya haya yote. Kwa hiyo hakuomba. Tulichobishana sana ni mpangilio wa kufanya vitu, yeye alitaka aanze na kumwambia, mimi nikasema kumwambia kuwe mwisho kabisa. Nyaraka halisi zikatoka kwanza kwa sababu zile ukizikosa huwezi kuzirudisha kirahisi, zilizobaki kabatini aliziomba kwa kisingizio cha ofisi kuhakiki wafanyakazi. Kisha fomu ya kubadilisha akaunti ya mshahara, ambayo ina tarehe ya mwisho, ofisi nyingi ukipeleka baada ya katikati ya mwezi mabadiliko yanaanza mwezi unaofuata, kwa hiyo akaipeleka mapema na akaomba uthibitisho wa maandishi. Kisha nywila na namba za siri za laini yake na imeili, zote siku moja. Siku ya mshahara, yeye na watoto walikuwa kwangu wikiendi hiyo, akampigia simu akamwambia mshahara wangu kuanzia sasa unaingia kwangu, matumizi ya nyumba tutagawana, hizi ndo namba, nataka na wewe uniambie za kwako. Nilikuwa nimekaa pembeni. Upande wa pili kulikuwa kimya kirefu halafu likaja lilelile, "Kwa hiyo mimi mwizi?" Akamjibu, "Sijui, sijawahi kuona hesabu."

Akaunti ya pamoja ndo ilibaki na kazi kubwa kuliko tulivyodhani. Watu wanafikiri ukiacha kuweka hela basi umetoka, hapana. Kwenye fomu ya akaunti ya pamoja kuna maelekezo ya saini, aidha yeyote kati yenu anaweza kutoa, au lazima wote msaini. Yao ilikuwa yeyote. Hiyo inamaanisha angeweza kuikomba yote yeye mwenyewe kwa saini yake, kama ambavyo mume angeweza. Nilimzuia, ukiikomba yote mambo yanageuka, wewe ndo unaonekana mwenye makosa, kama kuna hela ya kuchukua humo uliza mwanasheria kwanza kiasi gani hakitaleta maneno. Na kama akaunti imeruhusiwa kwenda chini ya sifuri, deni lake mara nyingi ni lenu wote, hata kama aliyelitengeneza ni mmoja. Alichofanya ni kuandika barua benki kwamba kuna mgogoro kati ya wenye akaunti na anaomba kuanzia siku hiyo isitoke hela bila saini mbili, akagongewa muhuri kwenye nakala yake. Benki wakaizuia mpaka wote wawili waende. Shemeji alikasirika kwa hilo kuliko mshahara, na ndo siku ya kwanza alipotaja kiasi kilichomo, kwa hasira, kwenye simu, namba kamili.

Wako kwenye mazungumzo bado, kwa sasa mdogo wangu yuko chumba alichopanga kwa zile 110 na mume anakuja kuona watoto. Kilichobaki ni ule mkopo ulioongezwa. Unaendelea kukatwa kwenye mshahara wake, na kwa mkopeshaji mkopo ni wake maana namba ya siri iliyotumika ni yake. Ameandika malalamiko rasmi kwa mkopeshaji kwamba hakuidhinisha ile nyongeza, akaambatanisha tarehe na akaomba kumbukumbu ya simu iliyotumika kuingia kwenye apu siku ile. Wakijibu vibaya hatua inayofuata ni mamlaka inayosimamia wakopeshaji, barua ya pili iko tayari kwenye kompyuta yangu, inasubiri tarehe tu.